Neno baada ya illa: uliza kabla ya kutia fataha

Ndugu zangu wanafunzi wa nahau, nitarudia jambo ambalo wengi wenu mmeshanisikia nikilisema, na nitalirudia mpaka liache kuonekana kwenye karatasi za mtihani. Mwanafunzi akiona illa, mkono wake unakimbilia fataha. Amefundishwa kwamba mustathna ni mansubu, akahifadhi, basi. Kanuni hiyo ni ya kweli kwa namna moja ya sentensi, naye anaivisha zote.

Fungueni Suratul Baqara, aya ya 249. Jeshi la Taluti limefika mtoni, limekatazwa kunywa isipokuwa teko la mkono. Aya inasema: fasharibu minhu illa qalilan minhum. Wakanywa, ila wachache wao. Sasa nendeni Suratun Nisaa, aya ya 66, inayozungumzia watu lau wangeamrishwa kujiua au kutoka majumbani mwao: ma faaluhu illa qalilun minhum. Wasingelifanya, ila wachache wao. Neno ni lile lile, na minhum ile ile inalifuata. Pale ni qalilan, hapa ni qalilun. Kwa nini?

Tazameni ile wau ya wingi iliyo mwishoni mwa kitendo, katika sharibu na katika faaluhu. Zote mbili ni faili, na zote mbili ndizo mustathna minhu, yaani kundi ambalo wachache wametolewa humo. Kwa hiyo sentensi zote mbili ni kamili, kundi limetajwa. Tofauti yake ni moja tu: ya kwanza inathibitisha, ya pili inakanusha.

Katika ukanushi, qalilun ni badali ya ile wau, na badali huchukua irabu ya kile inachokibadili. Wau iko mahali pa rafui, basi qalilun ni marfui. Badali maana yake ni kwamba unaweza kumwondoa wa kwanza, wa pili akakaa mahali pake. Jaribuni: ma faalahu illa qalilun. Hakuna angelifanya ila wachache. Maana imesimama. Fanyeni hivyo hivyo kwa watu wa mtoni: shariba illa qalilun. Walikunywa ila wachache? Nani walikunywa? Maneno yamebaki hayana kundi. Mkiiondoa na illa pia, mtapata kwamba wachache ndio waliokunywa, kinyume kabisa cha aya. Ndiyo maana katika sentensi kamili ya kuthibitisha mlango wa badali umefungwa, na nasbi inakuwa lazima.

Najua kuna atakayeinua mkono aseme: sheikh, mbona Ibn Amir wa Sham amesoma illa qalilan katika hiyo hiyo Nisaa? Amesoma, na kisomo chake ni miongoni mwa visomo saba. Hakivunji kanuni, kinaikamilisha. Sentensi kamili ya kukanusha ina njia mbili: badali, ambayo ndiyo yenye nguvu zaidi, na nasbi kwa istithnaa, ambayo inajuzu. Ya kuthibitisha ina njia moja. Kwa hiyo anayetia fataha kwenye ma jaa al-qaumu illa Zaidan simkati alama. Ninayemkata ni yule anayetia dhumma kwenye jaa al-qaumu illa Zaidun. Na ninayemkata zaidi ni huyu ninayemfikia sasa.

Wamaa Muhammadun illa rasulun, Aali Imran aya ya 144. Kila mwaka kuna anayeandika rasulan. Ndugu yangu, kundi liko wapi hapa? Halikutajwa. Swali la kwanza, kabla hata ya kutafuta ukanushi, ni hilo: mustathna minhu yupo? Kama hayupo, illa haina kazi yoyote katika irabu. Weka kidole juu ya chombo cha kukanusha na kingine juu ya illa, usome kilichobaki: Muhammadun rasulun. Mubtadaa na habari yake. Ma raaitu illa Zaidan, funika: raaitu Zaidan, mafuulu, nasbi. Ma marartu illa bi Zaidin, funika: marartu bi Zaidin, jarri. Kitendo kinajitafutia mtu wake, illa imekaa pembeni.

Nilitaka kuzungumzia istithnaa iliyokatika, ambapo kilichotolewa si cha jinsi ya kundi, na hitilafu ya watu wa Hijazi na Banu Tamim juu yake, lakini wakati umebana, tutaiacha. Moja tu la haraka: ukanushi hauji na ma peke yake. Katazo huhesabiwa, na swali lenye maana ya kukanusha huhesabiwa. Waman yaghfiru adh-dhunuba illa Allahu, Aali Imran 135. Nani anayesamehe dhambi ila Mwenyezi Mungu? Hakuna. Anayesubiri kuona ma hapa ataona sentensi ya kuthibitisha, atie fataha. Faili ya yaghfiru haijatajwa kabla ya illa isipokuwa dhamiri inayorudi kwa man, na jina la Mwenyezi Mungu ni badali ya dhamiri hiyo, marfui kwa dhumma.