Ualbino na Jua la Kutwa: Nguo, Losheni na Kukagua Ngozi

Karibuni. Leo niko na dada anayeuza mboga sokoni, Moshi. Ana ualbino, na kazi yake ni ya nje kutwa.

Tuanze na nguo, kwa sababu nguo haifutiki kwa jasho. Inua blauzi yako dirishani. Ukiona mwanga unapenya, na jua litapenya. Khanga iliyochakaa haitoshi, na ikilowa ndiyo kabisa. Mtazameni dada: kitenge kizito, mikono mirefu, sketi ya kufika chini. Kofia yake ina ukingo wa kuzunguka pande zote, sentimita 8 hivi. Kepu huacha masikio na shingo wazi, na huko ndiko vidonda vya saratani huanza mara nyingi.

Sasa losheni, kwa sehemu ambazo nguo haifiki. Kwenye chupa tafuta SPF, yaani kiwango cha kinga ya jua, ya 30 au zaidi. Hii ni Kilisun, inayotengenezwa hapahapa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kamua mistari miwili, mmoja juu ya kidole cha shahada, mwingine juu ya kidole cha kati. Hicho ndicho kipimo cha uso na shingo. Naona wengi mnapaka tone tu ili chupa isiishe, lakini ukipaka nusu ya kipimo hupati kinga iliyoandikwa. Usisahau masikio, kisogo na migongo ya viganja. Midomo nayo ipate mafuta yake yenye kinga ya jua. Paka dakika 20 kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi ukijifuta jasho. Mawingu yasikudanganye, rudia tu.

Wenye vitiligo, yaani ngozi iliyopoteza rangi kwa mabaka, mabaka yenu huungua vivyo hivyo, ingawa hatari yenu ya saratani ni ndogo kuliko ya wenye ualbino. Pakeni na pembeni mwa baka, maana ngozi ya pembeni ikikolea rangi kwa jua, baka huonekana zaidi.

Mwisho, ukaguzi, mara moja kwa mwezi. Wengi wenye ualbino hawaoni vizuri, kwa hiyo dada anakaguliwa na mdogo wake, kwenye mwanga mzuri, kivulini. Anaanza utosini kwenye mistari ya nywele, anashuka nyuma ya masikio, kisogo, midomo, mikono. Macho pekee hayatoshi, pitisha na kidole. Hapa juu ya sikio ameshika kipele kikavu, kinakwaruza kama msasa. Tunakipiga picha na shilingi pembeni, ili ukubwa wake ujulikane baadaye.

Mwenye kipele cha namna hii mpeleke kwa daktari wa ngozi. Kikiwa bado hakijawa saratani, mara nyingi hugandishwa kliniki kwa nitrojeni ya maji, yenye baridi kali, na mgonjwa akarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kidonda kisichopona kwa mwezi, kinachotoa damu au kinachokua, usikifunike kwa dawa ya kienyeji wala krimu ya dukani. Daktari atakata kipande kidogo kipimwe maabara.