Gigabaiti Ulizonunua na Gigabaiti Ulizotumia

Ndugu zangu, wengi wenu mmekwisha kunisikia nikilisema jambo hili, na naona wengine mnatabasamu kwa kuwa mnajua linakoelekea. Nitalisema tena, kwa sababu bado watu wanalinganisha vifurushi vya intaneti kwa kugawanya bei kwa gigabaiti zilizoandikwa kwenye menyu. Bei haipaswi kugawanywa kwa gigabaiti ulizouziwa. Igawanye kwa zile ulizowahi kuzitumia kabla muda wa kifurushi haujaisha.

Jirani yangu ni fundi cherehani. Kila asubuhi, kabla hajaondoa kitambaa juu ya mashine, alikuwa akinunua GB 1 ya saa 24 kwa shilingi 1,000. (Bei nimezizungusha kidogo ili hesabu iwe nyepesi.) Alikataa kabisa kifurushi cha wiki, GB 3 kwa shilingi 5,000, akisema ni cha wizi, kwani hapo gigabaiti moja inafika karibu shilingi 1,670. Kwa menyu ilivyoandikwa, hakukosea. Siku moja tulifungua mipangilio ya simu yake, sehemu ya matumizi ya data, tukakuta kwamba picha za mishono na sauti za wateja zinakula takribani MB 300 kwa siku. Zilizobaki, MB 700, zilikuwa zikifa kila asubuhi, na ujumbe wa kumwambia hivyo alikuwa akiufuta bila kuusoma.

Sasa hesabuni pamoja nami. Shilingi 1,000 kwa MB 300 ni sawa na shilingi 3,333 kwa gigabaiti. Kwa wiki anatumia GB 2.1, kwa hiyo kile kifurushi cha wizi kingemgharimu kama shilingi 2,380 kwa gigabaiti, ijapokuwa nacho kingebakiza karibu GB 0.9 za kupotea. Kwa lugha ya mfukoni, alikuwa akilipa shilingi 7,000 kwa wiki wakati 5,000 zingemtosha.

Najua kuna atakayesema, basi anunue cha mwezi, GB 15 kwa shilingi 20,000. Huyo anasahau kwamba fundi hulipwa nguo inapochukuliwa, na shilingi 20,000 kwa mkupuo ni kitambaa cha mteja. Tena faida yenyewe ni ndogo: kwa siku 30 angetumia GB 9, yaani shilingi 2,222 kwa gigabaiti, tofauti ya shilingi 160 tu na cha wiki. Wala sisemi cha siku ni kibaya. Mwanafunzi anayepakua masomo yake Jumamosi moja na kuimaliza GB nzima kabla ya jioni analipa shilingi 1,000 kamili kwa gigabaiti, na hakuna wa kumshinda. Kwa hiyo kabla ya kufungua menyu, soma matumizi yako ya siku saba kwenye simu, maana bila namba hiyo unabahatisha.

Nimechelewa, kwa hiyo la gigabaiti za usiku nitalipitia haraka. Ukiuziwa GB 10 kwa shilingi 10,000, na 6 kati yake zinatumika saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi tu, basi wewe unayelala umenunua GB 4 kwa shilingi 2,500 kila moja.

Limebaki neno «bila kikomo». Tafuteni kwenye vigezo na masharti, yale maandishi madogo, kasi inashuka baada ya gigabaiti ngapi na inashuka hadi wapi. Ikiwa ni 512 kbps, kumbukeni kwamba hizo ni biti, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo mnapata kilobaiti 64 kwa sekunde, ambazo ni kama MB 230 kwa saa nzima. Ujumbe utapita na simu ya sauti itasikika, lakini video ya kawaida itakwama kila mara, na faili la GB 1 litachukua zaidi ya saa nne.

Mtaniuliza mtajuaje kama ni kasi iliyobanwa au ni mnara uliojaa watu. Pimeni kasi kwa tovuti ya fast.com saa 2 usiku, kisha saa 11 alfajiri, mkiwa mmeketi palepale, na mhakikishe alama juu ya kioo ni 4G nyakati zote mbili. Mnara uliojaa hupumua alfajiri, na kasi hupanda. Namba ikiganda palepale nyakati zote mbili, hasa ikiwa karibu na ile iliyotajwa kwenye masharti, basi mmebanwa. Ila msipime mara kumi kwa siku, kwani kipimo nacho hula kifurushi, na mtandao ukiwa na kasi hula kingi zaidi.