Mashine ya mafuta ikilala hailipwi, pampu ya sola ikilala deni linaenda

(Maneno niliyoongea na wakulima wa nyanya na vitunguu, uwanja wa kata, Ilula. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Kamwene! Kamwene tena, huko nyuma mnakula muwa hamjaitikia. Haya.

Nianze na lile mnalolijua ila mnaona aibu kuniambia usoni. Mimi ni wakala, mtu akichukua pampu hapa leo napata kamisheni, sifichi. Ila nalima nyanya hapahapa na nyie, mkipata hasara tutakutana kwenye daladala, tutakutana msibani, kwa hiyo nitawapa hesabu yote na anayetaka kuchukua achukue akiwa ameielewa.

Bango mmeliona pale mtini, linasema "pampu ya sola kwa shilingi 2,200 kwa siku tu". Hilo bango sikuliandika mimi, mngeniuliza ningewaambia waandike vingine. Nani hapa ana mapato ya kila siku? Mama wa genge anayo, bodaboda anayo. Wewe wa nyanya unapata hela siku gari la Dar limekuja kupakia matenga, na hapo dalali keshakukata, halafu kimya miezi mitatu. Sasa 2,200 kwa siku ni ya nani jamani?

Ofa yenyewe ni hii. Ukilipa taslimu pampu, paneli ya wati 300, kontrola na nyaya ni 1,200,000. Ukichukua kidogo kidogo unatoa kianzio 240,000, halafu rejesho 65,000 kila mwezi kwa miezi 24. Pigeni hesabu, mwenye simu afungue kikokotoo. 65,000 mara 24 ni 1,560,000, weka na kianzio inafika 1,800,000. Yaani laki sita nzima ni bei ya kungojewa. Mwenye laki kumi na mbili chini ya godoro alipe taslimu asinisikilize, aende nyumbani, na kamisheni yangu ni ileile.

Sasa mnaniuliza, na mzee pale keshanyoosha mkono, mbona mashine ya mafuta naipata kwa bei ndogo zaidi ya hiyo? Kweli kabisa, lakini mashine ya mafuta hujamaliza kuinunua siku ulipoinunua, unainunua kila ukienda sheli. Tuchukue nusu ekari ya nyanya, mifereji ya kawaida, kiangazi. Unamwagilia mara mbili kwa wiki, kila mara lita 5, lita tuseme 3,000. Hiyo ni 30,000 kwa wiki, wiki 13 ni 390,000, ongeza oili na plagi na yule fundi anayesema "hii ring imeisha", weka 40,000. Msimu mmoja 430,000. Ukilima misimu miwili ya kiangazi, ule wa kupanda mwezi wa tano na ule wa mwezi wa tisa, ni 860,000 kwa mwaka.

Kwa miaka miwili mafuta yamekula 1,720,000 na sola imekula 1,800,000. Umeona? Miaka miwili ya kwanza sola imekuzidi kwa 80,000, sitawadanganya kwamba utaokoa kuanzia kesho. Faida ni mwaka wa tatu, hapo rejesho limeisha na ile 860,000 inabaki mfukoni.

Lakini yule anayelima msimu mmoja tu! Wewe mafuta yako ni 430,000 kwa mwaka, kwa miaka miwili 860,000, na sola bado ni ileile 1,800,000, haijali unamwagilia au unalala. Umezidiwa 940,000. Kuja kuirudisha ni miaka mingine miwili na zaidi, na huko garantii imeshaisha siku nyingi. Wewe usisaini, kaa na mashine yako. Nimelisema hili Mtandika, nimelisema Mazombe, kampuni walinipigia simu kwamba nafukuza wateja, nikawaambia sifukuzi wateja, nafukuza madeni mabovu, nyie ndio mtanishukuru.

Sasa nakuja kwenye kitu changu, wengine mmeshanisikia mtanivumilia.

Pampu yangu ya kwanza niliichukua kwa kampuni nyingine, sitaji jina, mpango wake ulikuwa kama huu. Nikalipa vizuri mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja, maana nyanya ilikuwepo, kila nikituma M-Pesa namba zinakuja kwenye simu, nazibonyeza kwenye kontrola, taa ya kijani inawaka, maji yanakuja. Nikajiona tajiri. Mwezi wa kumi na mbili mvua ikaanza. Sasa nani anamwagilia na mvua? Januari ikaja, mtoto kidato cha kwanza, godoro, ndoo, madaftari, mnajua. Nikasema hii pampu imelala, nalipia nini? Taa ikawa nyekundu, wala sikuiona, kontrola iko kule kisimani mimi niko kwenye mahindi. Meseji zinakuja, "mpendwa mteja", nikazifuta, nikajua nao ni wale wa bahati nasibu.

Mwezi wa tatu asubuhi kaja kijana na pikipiki, mpole, ana fomu. Ananionyesha saini yangu, kwamba pampu ikikaa imezimwa siku 60 mfululizo inarudi kwa wenyewe, kwa sababu mpaka rejesho la mwisho ile pampu si yangu, nimeiazima. Nikasoma mstari huo kwa mara ya kwanza siku hiyo. Akapanda kufungua paneli, ngazi ikawa inayumba, mimi nikamshikia! Msicheke. Nimeshika ngazi mali yangu inashushwa, mke wangu amesimama mlangoni anatuangalia wote wawili. Nilikuwa nimeshatoa laki sita na ushee. Haikurudi hata mia, na mwezi wa sita nikawa naazima mashine ya mafuta kwa jirani kama mwanzo.

Mashine ya mafuta ikilala hailipwi. Pampu ya mkopo ikilala deni linaenda. Mvua yetu ni kuanzia Desemba mpaka Aprili, miezi mitano, mara 65,000 ni 325,000, na hiyo inadaiwa wakati huna nyanya sokoni na hujui hata pampu inasemaje. Kosa liko hapo. Watu wanashindwa Februari, siyo Septemba.

Kwa hiyo anayechukua leo nataka aniahidi jambo moja. Mavuno ya mwezi wa nane na wa tisa, gari la kwanza likilipa, kabla hujafika dukani, unalipia mbele. Mfumo wetu unakubali, ukituma 325,000 unapewa siku 150 zinajipanga nyuma ya zile ulizonazo, kontrola inakuonyesha zimebaki ngapi. Uulize kabla ya kusaini, na siyo kwangu tu, kwa kampuni yoyote: naweza kulipa mbele? Siku zilizozimwa zinasogeza mkataba au zinapigwa faini? Zikifika ngapi mnakuja kuchukua? Sisi zinasogeza, faini hakuna, ila siku 60 na sisi tunakuja. Ukurasa wa tatu, uko kwa Kiswahili, soma.

Kuna mama aliniuliza wiki iliyopita, kwa nini nisiiache izime mvua nzima halafu nilipe Mei. Mama yangu, Desemba mpaka Aprili ni siku 150, wewe umepewa 60. Angalau ukilipa mwezi mmoja katikati, kila ikishazima siku 50 hivi, haifiki 60 mfululizo, hiyo ni njia ya mwenye shida na wala si dhambi, ila mkataba wako unasogea mbele, kwa mvua moja tu badala ya miezi 24 unaenda 27 au 28. Pesa ni ileile, muda ndio unakua. Ukishindwa hata hivyo nipigie kabla ya siku ya 60, ikifika ya 61 mimi mwenyewe sina ufunguo.

Muda unaniishia, mwenyekiti ananionyesha saa. Maji.

Pampu hii haina nguvu ya kutapika kama mashine ya mafuta, msije mkanitukana. Ikipandisha maji mita 10, kutoka usawa wa maji kisimani mpaka shamba lilipo juu, pipa la lita 200 linajaa kama dakika 4 jua likiwa kali. Kwa siku yenye jua la maana masaa 5 hiyo ni kama mapipa 75, inatosha nusu ekari kwa mifereji. Ikipandisha mita 20 maji ni nusu yake, dakika 8 pipa, na shamba ni robo ekari. Wenye mashamba ya mlimani mnaotaka kuvuta toka bondeni kule chini, hapo ndipo wengi wanaumia, wanaona mpira mrefu wanadhani shida ni urefu, kumbe kinachoumiza zaidi ni kupanda. Mawingu nayo yanapunguza, na saa mbili asubuhi usitegemee kitu. Usisimame unaingoja kama ile ya mafuta, ifungulie kwenye tuta moja uende ukapalilie, urudi uhamishe.

Na kama maji yako yako chini zaidi ya mita 6 toka pale pampu itakapokaa, usichukue ile ya kukaa juu, haitavuta hata paneli ziwe kumi, chukua ya kuzama. Ya kuzama nayo isilale kwenye mchanga, ining'inie juu ya tope, mchanga unakula pampu na garantii hailipi. Ukifungua kontrola mwenyewe garantii imekufa, hata kama fundi ni shemeji yako.

Wezi wa paneli nilitaka kusema ila hilo tutaongea pembeni. Na kibali cha maji cha bonde, wale wa mtoni, muoneni mtendaji.

Sasa nendeni nyumbani na daftari. Andika lita ulizonunua msimu uliopita, ukweli, siyo unazokumbuka ukiwa kilabuni. Hela ya mafuta hayo isipofika laki saba na themanini kwa mwaka, yaani rejesho la miezi 12, basi mimi na wewe tusalimiane tu.

Saa sita na nusu hii, jua liko vizuri. Kijana, sogeza paneli itoke kwenye kivuli cha huo mwembe. Nani kaleta pipa? Pima na saa yako mwenyewe, mzee, usipime na yangu.