Koloni Umeichota Wapi? Katalasi na Oksidasi Mezani

Tuchukue sampuli moja twende nayo. Usaha wa kidonda umepandwa jana kwenye agari ya damu na ya MacConkey, ukalala kwenye inkubeta nyuzi 37. Leo sahani ya damu ina koloni za aina mbili, zimeachana vizuri. Umezipaka rangi ya Gram: moja ni bakteria wa mviringo, Gram chanya, nyingine ni wa umbo la fimbo, Gram hasi.

Wale wa mviringo, je, ni stafilokoki au streptokoki? Hapo ndipo katalasi inapoamua. Stafilokoki wana kimeng'enya kinachovunja haidrojeni peroksidi ikawa maji na oksijeni, streptokoki hawana. Paka koloni kwenye slaidi kwa kijiti cha mbao, dondoshea peroksidi ya asilimia 3, funika kwa kifuniko cha sahani ili matone yasikurukie. Povu likifumka papo hapo, ni chanya. Viputo viwili vitatu vya kuchelewa si jibu. Hata baadhi ya enterokoki huvitoa.

Ila angalia chini ya hiyo koloni. Seli nyekundu za damu nazo zina katalasi. Ukikwangua agari kidogo tu, streptokoki wako atatoa povu, nawe utaandika stafilokoki. Gusa kilele cha koloni, basi. Ukiwa na shaka, paka kipande cha agari hiyo kisicho na koloni, ukitonee peroksidi, ujionee.

Sasa wale wa fimbo. Kwenye MacConkey wamemea bila rangi ya waridi, kwa hiyo hawachachushi laktosi. Kwenye kidonda mimi huwaza Proteus au Pseudomonas, na oksidasi ndiyo huwatenganisha. Hapa mkono hukimbilia ile ile sahani ya MacConkey, na ndiyo nisiyoitaka: asidi ya wanaochachusha laktosi huvuruga oksidasi, na rangi ya agari hukuchanganya macho. Chota kwenye agari ya damu, kwa kijiti; waya wa nikromu hugeuza rangi wenyewe. Paka kwenye karatasi ya chujio iliyoloweshwa kitendanishi. Zambarau ndani ya sekunde 10 ni chanya. Ikija baada ya dakika usiihesabu, karatasi hugeuka yenyewe kwa hewa. Na kitendanishi kilichokwisha kuwa zambarau chupani, mwaga. Kila siku ya kazi kijaribu kwanza kwa bakteria unaowajua: Pseudomonas aeruginosa kwa chanya, E. coli kwa hasi.

Tuseme yetu imegeuka sekunde ya tano. Proteus ametoka, pamoja na E. coli na Klebsiella. Lakini usiandike Pseudomonas bado, maana Aeromonas na Vibrio nao ni chanya. Pima kama anachachusha glukosi: hao wawili huchachusha, Pseudomonas hachachushi. Mpigie daktari wa wodi mapema umwambie unachoshuku, kwa sababu akiwa ameshaanza kumpa mgonjwa seftriaksoni, dawa hiyo haimtishi Pseudomonas aeruginosa.