Kipindi cha leo: Mgongo wa Kisura

ZUHURA: Haya, tumerudi. Mimi Zuhura, na kaka yangu Kassim yuko hapa kama kawaida, ila leo mkono wangu wa kulia una bandeji. Waliotuma ujumbe kuuliza, jibu ni hili: paka wangu Kisura ameniuma.

KASSIM: Kisura huyu huyu anayelala kwenye begi lako la vifaa vya kurekodia?

ZUHURA: Huyo huyo. Jumanne jioni, nyumbani Magomeni. Nyumba yetu mnaijua, korido moja ndefu, vyumba huku na huku, mlango wa uani mwishoni. Jirani wa chumba cha mbele kaleta mtoto wa mbwa, hata miezi minne hana. Kisura alikuwa anatoka uani, mbwa anaingia kutoka mbele. Wakakutana katikati, na nyuma ya Kisura mlango wa uani upepo ukaubamiza, pwaa!

KASSIM: Kwa hiyo hana pa kutokea.

ZUHURA: Hana. Nikasikia *khhhsss*, nikaruka nikadhani nyoka kaingia. Wallahi niliruka. Kuangalia, ni paka wangu, lakini kawa mkubwa mara mbili, mgongo juu kama upinde, mkia kama ufagio. Mtoto wa jirani alikuwa na simu, akarekodi. Nimekuletea.

KASSIM: Nimeshaiangalia mara kumi tangu ulivyonitumia. Na ndiyo maana nilikuambia leo tuzungumze mambo matatu: mgongo unainukaje, kwa nini umeumwa, na jinsi ya kumzoesha paka na mbwa kwenye nyumba ya kupanga.

ZUHURA: Matatu. Nayahesabu. Anza na mgongo.

KASSIM: Fungua hiyo video, isimamishe pale mbwa anaposogea mara ya kwanza. Angalia miguu ya Kisura. Ya mbele iko wapi?

ZUHURA: Ya mbele… inarudi nyuma.

KASSIM: Na ya nyuma?

ZUHURA: Subiri. Ya nyuma haijarudi. Ya nyuma inasogea mbele! Miguu yote imekaribiana kama amesimama juu ya sahani.

KASSIM: Basi hapo umeupata mgongo. Kuna Mjerumani mmoja, Paul Leyhausen, alitumia maisha yake kuchunguza tabia za paka, na maelezo yake mimi ndiyo yananiridhisha. Paka wa namna hii ana mambo mawili ndani yake kwa wakati mmoja. Anataka kukimbia na anataka kupigana. Sehemu ya mbele, iliyo karibu na meno ya mbwa, inarudi. Ya nyuma inasonga mbele. Urefu wa paka haujapungua, lakini nafasi kati ya miguu imepungua. Mgongo utakwenda wapi? Unakwenda juu.

ZUHURA: Kumbe! Mimi siku zote nilidhani anauinua makusudi, kama mtu anavyotunisha kifua.

KASSIM: Na mgongo wake unaruhusu. Kati ya shingo na nyonga paka ana pingili 20, sisi tuna 17, na za kwake zinakunjika kirahisi kuliko zetu. Sasa endelea na video. Ameshainuka, halafu anageuka…

ZUHURA: Ubavu. Anampa mbwa ubavu.

KASSIM: Kama angemkabili uso kwa uso, mbwa angeona kichwa na kifua tu. Akimpa ubavu, mbwa anauona mwili mzima, na mwili wenyewe umeshainuliwa. Hapo ndipo manyoya yanapoongeza. Kila unywele una kamsuli kadogo kwenye shina lake. Hofu ikimshika, mishipa ya fahamu isiyongoja amri yake inavivuta vile vimisuli, na tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini kwenye damu. Kila unywele unasimama. Hawezi kuamua kuusimamisha, wala hawezi kuamua kuulaza.

ZUHURA: Kama mimi mwili unavyonisisimka.

KASSIM: Ni vimisuli vile vile. Wewe vikivuta unaona vipele kwenye mkono, kwa sababu manyoya ya kusimamisha huna. Yeye anayo, basi anajitutumua.

ZUHURA: Lakini kaka, kwa nini vyote vije pamoja? Mgongo, manyoya, ile sauti, masikio kulala. Hakuna hata kimoja kilichochelewa.

KASSIM: Kwa sababu ubongo unavitoa kama kifurushi kimoja. Kulikuwa na mwanasayansi Mswisi, Walter Hess, alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Alipitisha umeme mdogo ndani kabisa ya ubongo wa paka, sehemu inaitwa haipothalamasi. Akigusa pale panapohusika, paka aliyetulia, hakuna mbwa, hakuna chochote, anasimamisha manyoya, anainua mgongo, anatoa *fsss*. Umeme ukikatwa, anatulia.

ZUHURA: Masikini. Hilo la umeme halinifurahishi.

KASSIM: Wala mimi. Ila ndivyo tulivyojua kwamba hakai akapanga.

ZUHURA: Sawa, sasa twende kwenye sauti, kwa sababu hapo nina neno langu. Bibi yangu Rufiji alikuwa anasema paka aliazima sauti ya nyoka. Na mimi Jumanne nimekuwa shahidi. Niliruka nikiamini ni nyoka! Mdomo wazi, meno mbele, masikio yamelala kichwa kimekuwa bapa, *khhhsss*. Huyo ni nyoka, kaka.

KASSIM: Najua wapo hata wasomi waliowaza hivyo. Mimi sikubali.

ZUHURA: Kwa nini?

KASSIM: Ile sauti haina mlio wa kooni ndani yake. Ni pumzi tu, inasukumwa kwa nguvu kupitia mdomo ulio wazi. Ni sauti rahisi kuliko zote ambazo mnyama mwenye mapafu anaweza kuitoa. Bata bukini anaitoa. Kobe anaitoa. Kobe anamwiga nani?

ZUHURA: Kobe! Unajua nilikwenda Changuu mwaka juzi, kule Zanzibar, kwa wale kobe wakubwa wa asili ya Shelisheli. Nikainama karibu na mmoja, akavuta kichwa ndani, *hssss*, nikarudi nyuma hatua tatu!

KASSIM: Na alikuwa hakutishi. Kobe anaporudisha kichwa na miguu ndani ya gamba, nafasi ya mapafu inapungua, hewa inatoka. Ndiyo sauti uliyoisikia.

ZUHURA: Lakini nilirudi nyuma!

KASSIM: Ulirudi, ndiyo. Kobe hakuiga.

ZUHURA: Subiri kwanza, usinipeleke mbio. Unasema hakuiga kwa sababu hakukusudia. Na mimi sisemi Kisura alikaa na nyoka akajifunza. Kuna vipepeo wana macho makubwa ya bundi mbawani. Kipepeo hajawahi kumwona bundi akamchora. Waliofanana na bundi waliponea, waliobaki wakaliwa. Kwa nini isiwe hivyo kwa paka?

KASSIM: Inaweza kuwa, lakini mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi. Paka mdogo ambaye macho hayajafunguka, siku chache tangu azaliwe, ukimsogezea harufu ngeni anatoa *fsss*. Amezaliwa nayo.

ZUHURA: Hiyo inanisaidia mimi! Kipepeo naye amezaliwa na mabawa yake.

KASSIM: Inaonyesha ni ya kuzaliwa. Haionyeshi ni ya nyoka. Kwangu mimi ni hivi: pumzi kali ya ghafla inamshtua mnyama yeyote mwenye masikio, awe ameshawahi kumjua nyoka au la. Nyoka mwenyewe anaitumia kwa sababu hiyo hiyo. Nyoka na paka wote wameokota kitu rahisi kilichokuwa karibu.

ZUHURA: Na kobe.

KASSIM: Na kobe, ambaye hakuokota kitu, hewa ilimtoka tu.

ZUHURA: Basi niambie mbwa wa jirani alirudi nyuma kwa sababu gani. Hajawahi kuona paka mkubwa. Mgongo haukumtisha, alikuwa bado anasogea. Iko kwenye video! Alisimama pale sauti ilipotoka.

KASSIM: Alisimama kwa sababu sauti ilikuwa ya ghafla. Ungepiga kofi angesimama vile vile.

ZUHURA: Hujapiga kofi, hujui.

KASSIM: Na wewe hujaleta nyoka, hujui.

ZUHURA: Sikubali, kaka Kassim.

KASSIM: Hata mimi, dada.

ZUHURA: Haya, basi tubaki hivyo. Mkono wangu. Mbwa kaondolewa, nimesubiri kama dakika mbili, nikaenda kumbeba nimpoze. Kwa nyuma, taratibu, kwa upendo. Akaniuma.

KASSIM: Manyoya yalikuwa yameshalala?

ZUHURA: Mgongoni ndiyo. Mkiani bado.

KASSIM: Basi alikuwa bado yuko kwenye ile korido, ingawa mbwa hayupo. Mgongo unashuka mapema, lakini mwili unachelewa kutulia. Wengine wanahitaji nusu saa, wengine hata saa kadhaa. Mboni za macho zikiwa bado zimetanuka, mkia bado mnene, usimguse. Mfungulie mlango wa chumba, aingie mwenyewe chini ya kitanda. Wewe ulimshika kwa nyuma, na kwake kilichomshika nyuma kilikuwa ni hatari nyingine.

ZUHURA: Niliosha kwa sabuni na maji ya bomba dakika 15, nikaenda kituo cha afya.

KASSIM: Vizuri sana. Meno ya paka ni membamba, tundu linaonekana dogo na linafunga upesi, lakini bakteria wamesukumwa ndani. Asubuhi mkono unavimba. Na habari ya kichaa cha mbwa hairuhusu kusubiri, hata kama paka wako ana chanjo, nenda ukaulize.

ZUHURA: Ulivimba kweli, wakanipa dawa. Haya, la tatu, kumzoesha na mbwa… jamani, Hamisi ananionyesha vidole viwili. Dakika mbili.

KASSIM: Dakika mbili haziwezi. Linahitaji kuanza na harufu, kitambaa cha mbwa apewe paka kabla hawajaonana, na hilo pekee ni wiki nzima.

ZUHURA: Kobe ametula muda.

KASSIM: Wewe ndiye uliyempandisha boti kutoka Changuu.

ZUHURA: Kabla hatujatoka, nikuulize hili haraka. Leo asubuhi mbwa kapita mlangoni, Kisura alikuwa amekaa dirishani. Mkia ulivimba, lakini mgongo haukuinuka. Na *khhhsss* hakutoa.

KASSIM: Miguu yake ya mbele ilikuwa wapi?

ZUHURA: Sikuangalia.

KASSIM: Mbwa akipita kesho, angalia. Usimguse, angalia tu, uje uniambie.