Ukikata Nusu, Katikati Iangalie Mara Mbili

Haya jamani, shikamooni wakubwa, na nyie wadogo zangu mambo vipi, tusogee mbele kidogo ili wa nyuma waone ubao. Leo sitafundisha kila kitu kuhusu kutafuta kwa kukata nusu, wengi mnaijua: orodha imepangwa kuanzia ndogo kwenda kubwa, unachungulia ya katikati, kama unachotafuta ni kikubwa zaidi unaitupa nusu ya kushoto, kama ni kidogo unaitupa ya kulia, unarudia. Nataka tukae kwenye mstari mmoja tu, ule wa kutafuta katikati, maana huo ndo ulionifanya nilale ghalani siku mbili.

Ilikuwa msimu wa korosho, chama kimoja cha msingi huku kwetu kusini waliniomba kifaa kidogo cha kukaa pembeni ya mzani. Mkulima anakuja na namba ya stakabadhi, karani anaibonyeza, kifaa kinaonyesha kilo alizoleta. Nikatumia Arduino Uno na memori kadi, rekodi zimepangwa kwa namba ya stakabadhi, kila rekodi baiti 32. Nilijaribu nyumbani na rekodi 200, ikajibu zote. Wiki za mwanzo ghalani ikajibu zote. Afu rekodi zikafika 20,000 na wakulima wakaanza kuambiwa "haipo", wakati karatasi anayo mkononi na gunia zake zipo pale pale nyuma yake. Mama mmoja alirudi mara tatu kwa namba ile ile. Iliniuma sana, kwasababu kwake ile haikuwa hitilafu ya programu, alijua korosho zake zimepotea.

Nikafikiri kadi imeharibika, nikabadilisha kadi. Nikafikiri nyaya. Mwisho nikakaa na daftari nikaandika namba zote zinazokataa na zinazokubali, na hapo ndo jambo likajionyesha lenyewe: zote zinazokataa zilikuwa robo ya mwisho ya orodha. Hakuna hata moja ya mwanzo. Kadi mbovu haichagui hivo.

Mstari wangu ulikuwa huu, lo ni nafasi ya kwanza ya sehemu iliyobaki na hi ni ya mwisho:

```
int mid = (lo + hi) / 2;
```

Kihesabu hauna kosa. Lakini kwenye Arduino Uno `int` ni biti 16, mwisho wake ni 32,767, haina nafasi ya zaidi. Sasa tufuate rekodi iliyo nafasi ya 18,200, tuhesabu wote. Mwanzo lo ni 0, hi ni 19,999, jumla 19,999, katikati 9,999. Tunachotafuta kipo kulia, kwahiyo lo inakuwa 10,000. Jumla 29,999, bado inaenea, katikati 14,999. Bado kipo kulia, lo inakuwa 15,000. Sasa jumlisha 15,000 na 19,999, unapata 34,999, na hiyo haienei kwenye `int`. Inafurika, inazunguka kwenda upande wa hasi: 34,999 toa 65,536 ni -30,537, gawa kwa mbili unapata -15,268. Programu inaenda kusoma rekodi ya nafasi hasi kumi na tano elfu na ushee, haiipati, na mi nilikuwa nimeandika kusoma kukishindikana ijibu "haipo". Basi. Rekodi 5,000 za mwisho zote zinapita njia hiyo hiyo, na zile zilizo chini ya hapo hazifiki kabisa kwenye jumla kubwa hivo, ndo maana zilikuwa salama. Kinachonikera mpaka leo ni kwamba kwenye mstari wa chini yake, pale unapozidisha nafasi kwa 32 kupata baiti ya kuanzia, nilikumbuka kuweka `(long)`, yani hatari nilikuwa naijua, ila kwenye kujumlisha namba mbili sikuiona.

Dawa ni kutojumlisha nafasi mbili kubwa. Chukua umbali kati yao, ukate nusu, uongeze kwenye lo:

```
int mid = lo + (hi - lo) / 2;
```

19,999 toa 15,000 ni 4,999, nusu yake 2,499, ongeza 15,000 unapata 17,499. Maadam lo haiko hasi na haijaipita hi, jibu halitaizidi hi kamwe, na hi yenyewe tayari inaenea.

Kuna kijana hapa ameuliza, kaka mi natumia Java kwenye kompyuta, `int` ni biti 32, inanihusu? Inakuhusu. Mwisho wake ni 2,147,483,647, kwahiyo itakukamata orodha ikipita vitu bilioni moja na kidogo. Mwaka 2006 Joshua Bloch, aliyeandika kipande hicho kwenye maktaba ya Java, alieleza hadharani kwamba kosa hili hili lilikuwa mle kwa takriban miaka 9. Python namba zake kamili zinakua zenyewe, hapo hufuriki, ila ukihamisha msimbo kwenda C unahama na kosa lako.

Sasa la pili, na hili nililitengeneza mwenyewe wakati narekebisha la kwanza. Karani akaomba tutafute kwa namba ya mkulima, na mkulima mmoja analeta mzigo mara kadhaa, kwahiyo nikapanga orodha nyingine kwa namba ya mkulima, nikahitaji nafasi ya mwisho yenye namba yake. Nikaandika:

```
while (lo < hi) {
  int mid = lo + (hi - lo) / 2;
  if (a[mid] <= x) lo = mid;
  else hi = mid - 1;
}
```

Chukua 104, 107, 107, 107, 112, 115, 120, 131, tunatafuta 107 ya mwisho, iko nafasi ya 3 tukianza kuhesabu 0. lo 0, hi 7, katikati 3, ni 107, lo inakuwa 3. Katikati ya 3 na 7 ni 5, pale kuna 115, hi inakuwa 4. Katikati ya 3 na 4? Moja gawa mbili ni sifuri, kwahiyo ni 3. Pale kuna 107, lo inakuwa 3. Ilikuwa 3! Hakuna kilichosogea, lupu inarudi, 3 tena, na kifaa kinakaa taa inawaka kioo kimeganda hakisemi kitu.

Kugawanya kunashusha kwenda upande wa lo, na mi nikaandika `lo = mid`, ndo vinakutana vibaya vikibaki viwili tu. Ukitaka kubaki na `lo = mid`, katikati iegemee juu:

```
int mid = lo + (hi - lo + 1) / 2;
```

Rudia: 0 na 7 inatoa 4, kuna 112, hi ni 3. 0 na 3 inatoa 2, lo ni 2. 2 na 3 inatoa 3, lo ni 3, zimekutana, tumetoka. Hapo hakikisha `a[lo]` kweli ni 107, maana lupu hii inatoka hata kama mkulima hayumo. Na kwa upande mwingine, ukiandika `hi = mid` na `lo = mid + 1`, ile katikati ya kuegemea chini ndo sahihi, ukiweka ya juu unaganda vile vile.

Kwahiyo msijaribu kwa orodha ya vitu 200 kama mi. Jaribuni kitu kimoja, viwili, vitatu, mkitafuta kila kilichomo na ambacho hakimo, kuganda kunatokea hapo hapo. Afu wekeni kihesabuzi ndani ya lupu: rekodi 20,000 haziwezi kuhitaji raundi zaidi ya 15, ikifika ya 16, au katikati ikitoka hasi, simamisha, chapisha kwenye kioo lo, hi na katikati za raundi mbili za mwisho. Ukiona namba hasi, ni kufurika. Ukiona jozi ile ile inajirudia, nenda kaangalie katikati yako inaegemea wapi.