Bonde Lipi Likivunjwa Ndipo Mwelekeo Hubadilika?

Ndugu watazamaji, karibuni. Hii ni chati ya EURUSD, yaani bei ya euro kwa dola ya Marekani, ambayo kila mshumaa wake unachukua saa nne, na bei nitakazozitaja nimezipanga kwa ajili ya somo hili. Soko linalopanda mnalijua: kila kilele hupita kilichotangulia, na kila bonde hubaki juu ya lililotangulia. Hapo sitakawia.

Bei imetoka 1.0800, ikafika 1.0880, ikashuka hadi 1.0840, kisha ikapanda mpaka 1.0950. Ikianza kushuka, ni bonde lipi likivunjwa ndipo tutasema tabia ya soko imebadilika? Ni lile la 1.0840, kwa kuwa hapo ndipo wanunuzi walipopata nguvu ya kukivuka kilele cha 1.0880. Nachora mstari. Subirini kidogo, mstari umerukia bei ya kufungia kwa sababu alama ya sumaku imewashwa. Naizima, kisha nauteremsha hadi kwenye ncha ya utambi wa chini. Sasa upo mahali pake.

Pale 1.0910 bei ilipumzika kwa mshumaa mmoja tu, na hilo msilihesabu. Bonde ninalolikubali ni lile ambalo mishumaa miwili ya kushoto na miwili ya kulia yote ina ncha za chini zilizo juu yake. Hapa ya kushoto imeshuka chini zaidi. Wapo wanaopendelea mitatu kila upande, nami sibishani nao, ila kanuni ikishachaguliwa isibadilishwe katikati ya chati.

Sasa jambo ninaloomba mlishike. Mshumaa huu umeteremka hadi 1.0832, chini ya mstari wetu, lakini umefunga 1.0851. Bonde halijavunjwa. Takwimu za ajira za Marekani kwa kawaida hutangazwa saa tisa na nusu alasiri kwa saa za Kampala, au saa kumi na nusu wakati wa baridi kwao, na tambi ndefu za namna hii huonekana sana nyakati hizo. Ngojeni mshumaa ufunge. Hata mwili wake ukiwa chini ya mstari, maadamu bado unatembea, ngojeni ufunge.

Mshumaa wa pili baada ya huo umefunga 1.0826, kwa hiyo hapa naandika CHoCH, yaani tabia ya soko imebadilika. Alama hii bado haisemi kwamba soko linashuka. Inatuzuia tu kuendelea kununua. Na kama kabla yake bei ilikuwa ikienda upande bila vilele vinavyopandana, basi alama hiyo haina uzito wowote.

Bei ikafika 1.0810, ikarudi juu ikaishia 1.0878, mbali na 1.0950, kisha mshumaa ukafunga 1.0802. Tumepata kilele cha chini zaidi na bonde la chini zaidi, hivyo mwelekeo ni wa kushuka. Nauhamishia mstari wangu 1.0878, na mpaka mshumaa ufunge juu yake, natafuta nafasi za kuuza tu.